Je, watoto wa Januari ni wafupi kweli?

Swali

Jambo wakubwa wa safu. Niko Bukavu, komini ya Kadutu, ninamaliza masomo ya lishe. Kwa ajili ya tefese yangu tulipima watoto 816 waliozaliwa kati ya 2020 na 2023. Upimaji ulifanyika Julai 2024 katika vituo vitatu vya afya. Nilipowapanga kwa mwezi wa kuzaliwa nilishangaa: watoto wa Januari wako chini kuliko wote, wastani wa zedi, yaani kipimo cha kimo kwa umri, ni −2,2. Wa Desemba ndio warefu kuliko wote, −1,7. Miezi ya katikati inapanda polepole.

Mwalimu anayenisimamia amefurahi. Anasema ni msimu: mimba ya mtoto wa Januari inaanza Aprili na kupita kiangazi chote. Sasa anataka niongeze watu wazima, niwapime kimo na kunakili tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi ya mpiga kura, ili tuone kama alama hiyo inabaki hadi ukubwani.

Shida ni kwamba mama mkwe amesikia habari hizi, na anamkataza bibi yangu asishike mimba Aprili, mtoto asije akatoka mfupi. Kuna ukweli gani? Na data zangu nizifanyie nini?

*Mwanafunzi wa Kadutu*

Jibu

Ndugu, chukua watoto wawili tu: mmoja wa tarehe 28 Desemba 2021, mwingine wa tarehe 4 Januari 2022. Wametengana juma moja. Mama zao walivuka kiangazi kilekile cha Juni hadi Agosti, walinyeshewa na mvua zilezile za Septemba, na walinunua maharagwe kwa bei ileile sokoni. Kama msimu ndio unaofupisha watoto, hawa wawili wangetoka karibu sawa. Athari ya msimu hupanda na kushuka taratibu kama wimbi. Wa Novemba anafanana na wa Desemba, wa Desemba na wa Januari. Kwako mambo ni tofauti: kimo kinapanda kidogokidogo mwaka mzima, halafu kinaanguka ghafla kati ya tarehe 31 Desemba na tarehe 1 Januari. Mvua haijui sikukuu ya mwaka mpya. Fomu ya kuandikia tarehe ndiyo inayoijua.

Hali hii imeshachunguzwa vizuri. Mwaka 2019 Anna Folke Larsen, Derek Headey na William Masters walichapisha kazi iliyotumia vipimo vya watoto zaidi ya 990 000 kutoka nchi 62. Walikuta ngazi hiyohiyo: kati ya watoto walioandikwa Desemba na walioandikwa Januari kulikuwa na tofauti ya zedi 0,32, na wa Januari ndio waliokuwa chini. Haikufuata mvua wala mavuno ya nchi husika. Ilifuata kalenda inayotumika katika nchi, na ilionekana hasa pale ambapo mpimaji hakuonyeshwa karatasi ya kuzaliwa ya mtoto. Kabla yao, wengine walikuwa wamekwisha kuisoma ngazi hii kama pigo la msimu, sawa na alivyofanya mwalimu wako. Hajakosea peke yake.

Jinsi tarehe mbaya inavyomfupisha mtoto

Zedi unaijua, lakini wasomaji wengine wa safu hii hawaijui. Ni umbali wa mtoto kutoka katikati ya jedwali la OMS, Shirika la Afya Duniani, kwa watoto wa jinsia yake na umri wake, ukihesabiwa kwa mtawanyiko wa kawaida wa watoto hao. Sifuri ni katikati, na chini ya −2 tunasema mtoto amedumaa. Katika hesabu hiyo kimo unakisoma kwenye mbao ya kupimia, lakini umri unautoa kwenye karatasi. Karatasi ikikosea, zedi nayo inakosea, hata kama mbao imesomwa bila kosa.

Tumchukue mvulana aliyezaliwa kweli Julai 2021. Anapimwa Julai 2024, ana miezi 36, kimo chake ni sentimita 92,4. Kwenye jedwali la OMS katikati ya umri huo ni 96,1, na yeye yuko zedi −1,0. Si mrefu, lakini hajadumaa.

Sasa tuseme kadi yake imepotea. Mama anakumbuka mwaka, 2021, mwezi hana uhakika. Mpimaji ana foleni ndefu nyuma yake, anaandika Januari 2021. Papo hapo mtoto amekuwa na miezi 42. Katikati ya umri huo ni karibu sentimita 99,9, kwa hiyo sentimita zake 92,4 zinampeleka hadi karibu −1,9. Amebakiza hatua moja kuingia kwenye hesabu ya waliodumaa. Mpimaji mwingine, siku hiyohiyo, angeandika Desemba 2021. Hapo mtoto angekuwa na miezi 31, katikati ni karibu 92,7, na zedi yake ingekuwa karibu −0,1. Angehesabiwa mtoto wa kimo cha kawaida kabisa.

Siri iko kwenye mwaka. Watu hukumbuka mwaka kuliko mwezi, kwa hiyo kosa linabaki ndani ya mwaka uleule. Mtoto anayebandikwa Januari kwa kukisia hawezi kuwa amezaliwa kabla ya hapo. Kwa wastani ni mdogo kuliko umri ulioandikwa, na anaonekana mfupi. Anayebandikwa Desemba ni mkubwa kuliko umri ulioandikwa, na anaonekana mrefu. Anayebandikwa Juni anaweza kukosewa upande huu au ule, na makosa yanafutana. Ndiyo maana miezi yako ya katikati inapanda taratibu kutoka chini hadi juu.

Sasa pima ukubwa wake. Kila tarehe ya kukisia inamshusha mtoto wa Januari kwa karibu zedi 0,9, na kumpandisha wa Desemba kiasi hichohicho. Kama mmoja kati ya wanne ameandikwa kwa kukisia, wastani wa Januari unashuka kwa 0,22 na wa Desemba unapanda kwa 0,22. Pengo linakuwa karibu 0,45, na lako ni 0,5. Hakuhitajiki kiangazi chochote kulijaza.

Kuna kosa la pili limejificha humo, nalo ni la mpangilio wako mwenyewe. Ulipowaweka pamoja Januari zote na Desemba zote za 2020 hadi 2023, uliwalinganisha watoto wanaopishana umri kwa miezi 11. Mtoto wa Januari 2023 ulimpima akiwa na miezi 18, wa Desemba 2023 akiwa na miezi 7. Katika nchi maskini wastani wa zedi ya kimo huanguka tangu kuzaliwa hadi karibu miaka miwili, ndipo unatulia. Kwa hiyo wa Januari 2023 wangekuwa chini ya wa Desemba 2023 hata kama kila tarehe ingekuwa sahihi.

Jinsi ya kuzipima data zako

Rudi kwenye fomu za karatasi, usianze na kompyuta. Kwa kila mtoto ongeza safu moja inayosema tarehe ilitoka wapi: “kadi” kama mlisoma tarehe kamili kwenye kadi ya mtoto au atestasioni ya kuzaliwa, “mama” kama ilitajwa kwa mdomo tu. Kama fomu yenu haikuuliza jambo hilo, mtalazimika kurudi vituoni kutazama rejista. Inachosha, lakini bila safu hiyo huwezi kutoa hitimisho lolote.

Kadi nayo usiiamini kwa macho mafupi. Kuna kadi zilizojazwa na maternite siku ya kuzaliwa, na kuna zilizojazwa miezi baadaye mtoto alipoletwa kupimwa uzito mara ya kwanza, tarehe ikaandikwa kama mama alivyoitaja. Utazitofautisha hivi: kadi ya maternite kwa kawaida ina uzito wa kuzaliwa, na wino wa tarehe ya kuzaliwa haufanani na wa kipimo cha kwanza. Kadi isiyo na uzito wa kuzaliwa, yenye tarehe ya kuzaliwa na kipimo cha kwanza kwa mwandiko na kalamu ileile, iweke upande wa “mama”.

Kisha hesabu watoto kwa mwezi kabla ya kugusa kimo. Watoto 816 wakigawanyika sawa, kila mwezi unapata 68. Kwa bahati tu namba hiyo inaweza kuyumba hadi karibu 52 upande mmoja au 84 upande mwingine. Ukikuta Januari ina 120 au 130, jua kwamba sehemu kubwa ya waliozidi wameletwa na kalamu. Tazama pia umri: watoto wakirundikana kwenye miezi 24, 36 na 48 kamili, ina maana mama aliulizwa umri badala ya tarehe, akajibu “miaka miwili”, na mpimaji akarudi nyuma kwa hesabu.

Baada ya hapo linganisha majirani tu: Desemba 2020 na Januari 2021, Desemba 2021 na Januari 2022, Desemba 2022 na Januari 2023. Hapo umri unapishana kwa mwezi mmoja badala ya 11. Kwenye Ekseli ya Kifaransa, kama B ni mwaka, C ni mwezi, D ni chanzo cha tarehe na F ni zedi, andika hivi:

```
=NB.SI.ENS(C:C;1;D:D;"kadi")
=MOYENNE.SI.ENS(F:F;B:B;2021;C:C;12;D:D;"kadi")
=MOYENNE.SI.ENS(F:F;B:B;2022;C:C;1;D:D;"kadi")
```

Mstari wa kwanza unahesabu watoto wa Januari wenye kadi. Mistari miwili inayofuata inatoa wastani wa majirani wawili. Rudia ukibadilisha “kadi” kuwa “mama”. Kama ngazi inabaki kwa watoto wa “mama” na kutoweka kwa watoto wa “kadi”, umepata jibu lako. Ikibaki pande zote mbili, kagua kadi upya kwa ile alama ya wino kabla ya kufikiria mvua.

Usitarajie usafi wa kupita kiasi hata hivyo. Zedi za watoto wa mahali pamoja hutawanyika kwa karibu 1,3. Ukibaki na watoto 30 wa Desemba na 35 wa Januari wenye kadi nzuri, pengo la hadi 0,6 upande wowote linaweza kuwa bahati tupu. Ndiyo maana unajumlisha jozi zote tatu, na ndiyo maana huwezi kuandika kwamba umethibitisha msimu hauna athari. Unachoweza kuandika ni kwamba ngazi uliyoiona inafuata chanzo cha tarehe.

Kwa watoto wasio na kadi bado kuna dawa: kalenda ya matukio. Usimuulize mama “mwezi gani?” Muulize kabla au baada ya jambo analolijua, kisha punguza. Kwa waliozaliwa katika miaka yako una nguzo nzuri: mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, ziara ya Papa Fransisko Kinshasa iliyoanza tarehe 31 Januari 2023, mafuriko ya Kalehe ya mwanzoni mwa Mei 2023, uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Katikati yake weka Pasaka, kurudi shuleni Septemba, kupanda kwa msimu A, kuvuna msimu B. “Mtoto alikuwa amezaliwa Nyiragongo ilipolipuka? Alikuwa ameanza kukaa? Au ulikuwa na mimba?” Maswali matatu au manne ya namna hiyo hupunguza kosa kutoka miezi sita hadi mwezi mmoja au miwili. Mama akishindwa kabisa, acha nafasi ya mwezi wazi. Mtoto huyo mtoe kwenye uchambuzi wa miezi, usimpe Januari kwa heshima ya fomu.

Je, alama ya msimu kwa watu wazima ipo?

Mahali pengine ipo, na ni ndogo sana. Mwaka 1998 Gerhard Weber na wenzake wa Vienna walitoa hesabu ya vijana wa kiume 507 125 wa Austria waliopimwa wakiingia jeshini na umri wa miaka 18. Waliozaliwa majira ya kuchipua, baada ya baridi, walikuwa warefu kuliko waliozaliwa majira ya majani kupukutika kwa sentimita 0,6. Tofauti ilipanda na kushuka kwa wimbi laini, bila ngazi ya mwaka mpya. Kule kila mtu ana tarehe kamili tangu siku ya kwanza, na wote walikuwa na umri mmoja. Mwaka 2015 Felix Day na wenzake walitazama watu wazima karibu 450 000 wa Uingereza. Huko waliozaliwa kiangazi cha Ulaya, Juni hadi Agosti, walikuwa na uzito mkubwa kidogo wa kuzaliwa, na ukubwani walikuwa warefu kidogo.

Angalia jambo moja hapo. Austria inawapa nafasi watoto wa mwezi wa tatu hadi wa tano, Uingereza wale wa mwezi wa sita hadi wa nane. Jina la mwezi halifanyi kazi yoyote. Kama kuna kinachofanya kazi, ni kile mama alichopata au kukosa akiwa na mimba, na hicho kinabadilika na mahali. Dhana inayopendwa Ulaya ni mwanga wa jua na vitamini D inayotengenezwa na ngozi. Kule ina maana: Vienna mchana wa Desemba una masaa kama nane na nusu, wa Juni kama 16. Bukavu, karibu na ikweta, mchana mrefu wa mwaka unauzidi mfupi kwa dakika zisizofika 20. Hata Lubumbashi, iliyo mbali zaidi kusini, tofauti ni saa moja na ushee. Kuchukua sentimita 0,6 za Vienna na kuzileta Kadutu ni kuleta matokeo na kuacha sababu yake nyuma.

Kinachotuhusu zaidi ni chakula, na hapo mfano mzuri ni Gambia. Vijijini kule kuna mvua moja na mavuno makubwa mamoja, na katikati yake kuna miezi ya njaa ambapo mama mjamzito analima sana na kula kidogo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997, wajawazito walipewa kila siku biskuti za karanga zenye karibu kilokalori 1 000, kwa takriban juma 20 za mwisho. Uzito wa kuzaliwa uliongezeka kwa gramu 201 kwa waliojifungua miezi ya njaa, na kwa gramu 94 kwa waliojifungua miezi ya mavuno. Hapo msimu unaonekana wazi, na unaonekana pia kwamba unaingia kupitia sahani. Lakini huo ni uzito wa siku ya kwanza. Hauthibitishi sentimita za miaka 20, na Kivu ya Kusini ina mavuno ya msimu A mwishoni mwa mwaka, ya B katikati ya mwaka, na mboga za mabonde ya maji wakati wa kiangazi.

Mpango wa watu wazima na kadi ya mpiga kura

Kwa ukweli, tungekushauri uuache. Mtu mzima ana faida moja: kimo chake hakikokotolewi kwa umri, kwa hiyo tarehe mbaya haimfupishi. Hapo ile ngazi ya watoto haizaliwi. Lakini tarehe mbaya inachanganya makundi. Mtu wa Juni akiandikwa Januari, anapeleka kimo cha Juni kwenye kundi la Januari, na tofauti halisi inapungua.

Fanya hesabu kabla ya kwenda. Vimo vya wanaume wa jamii moja hutawanyika kwa karibu sentimita 6,5. Ili uione tofauti ya 0,6 kwa uhakika wa kawaida wa takwimu, yaani nafasi nne kati ya tano za kuigundua, unahitaji wanaume karibu 1 850 wa msimu mmoja na 1 850 wa msimu wa pili. Hiyo ni kama tarehe zote ni sahihi. Kama robo ya tarehe ni za kukisia, 0,6 inakuwa 0,45, na unahitaji karibu 3 300 kila upande. Ukipata wanaume 50 kwa kila mwezi, wastani wa mwezi mmoja utapishana na wa mwezi mwingine kwa sentimita moja na zaidi kwa bahati tu.

Mbao yenyewe itakusumbua pia. Mtu hupungua karibu sentimita moja kati ya asubuhi anapoamka na jioni, kwa sababu gegedu za uti wa mgongo hubanwa kwa uzito wa mwili. Ukipima wanafunzi asubuhi na wachuuzi wa Kadutu jioni, umeshaingiza tofauti kubwa kuliko ile unayoitafuta.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye kadi. Nani ana “1 Januari” kwenye kadi ya mpiga kura? Wengi ni wale ambao tarehe yao haikujulikana: waliozaliwa nyumbani, mbali na kituo, wazazi wakiwa hawana karatasi. Hao pia ndio waliokula vibaya zaidi utotoni. Kundi lako la Januari litakuwa fupi, safari hii kwa sababu ya umaskini, na msimamizi wako atafurahi mara ya pili. Kama analazimisha, toa kwanza kila mtu wa tarehe 1 Januari, baki na wanaume peke yao au wanawake peke yao, na upime wote kabla ya saa nne asubuhi. Afadhali zaidi ni kulinganisha ndugu wa baba na mama mmoja waliozaliwa misimu tofauti, kwa sababu hapo familia haibadiliki.

Kwa tefese una kazi nzuri zaidi mkononi. Badilisha kichwa kiwe juu ya chanzo cha tarehe ya kuzaliwa na makosa yake katika kupima udumavu kwenye vituo vitatu vya Bukavu. Tazama hasa asilimia ya waliodumaa: ihesabu kwa watoto wote, kisha kwa wenye kadi ya maternite peke yao. Tarehe za kukisia hutawanya zedi pande zote mbili. Zinaongeza walio chini sana na walio juu sana kwa pamoja, kwa hiyo wale wa chini ya −3 wanaweza kuonekana wengi kuliko walivyo. Lakini kumbuka wenye kadi huenda wana maisha bora kidogo. Linganisha pia elimu ya mama kabla ya kusema tofauti yote ni ya tarehe. Jambo hilo litamsaidia muganga mkuu wa zoni ya afya kuliko sentimita za mwezi.

Kuhusu mama mkwe

Usimpinge kwa takwimu mbele ya watu. Mwambie kwamba mlirudi kwenye kadi na kukuta watoto wengi waliandikwa Januari bila kuzaliwa Januari. Atakuelewa haraka, watu wa rika lake wanajua tarehe zao wenyewe ziliandikwaje.

Kimo cha mtoto wako kitatoka kwanza kwenu wawili. Kama wewe una sentimita 168 na bibi yako 158, jumlisha, ongeza 13 kwa mvulana, gawa kwa mbili: unapata 169,5. Mvulana wenu ataangukia karibu na hapo, akipishana hadi sentimita nane na nusu juu au chini. Sentimita 0,6, hata zingekuwepo Bukavu, zingezama humo.

Kuna kalenda moja ambayo bibi yako anapaswa kuifuata, na ni ya nafasi kati ya mimba. Kama ana mtoto mdogo, OMS inashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua ndipo ashike mimba nyingine. Mimba zikibanana, hatari ya mtoto kuzaliwa mdogo inaongezeka. Akishika mimba, Aprili au mwezi wowote, aanze konsultasioni kabla ya mwezi wa nne kuingia. Atapewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki vya kila siku: chuma miligramu 30 hadi 60, foliki miligramu 0,4. Kuanzia juma la 13 atapewa vidonge vya kuzuia malaria, vile vya sulfadoksini-pirimetamini, vitatu kwa mara moja mbele ya muuguzi. Atavirudia baada ya mwezi au zaidi, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Akiwa anatumia kotrimoksazoli, amwambie muuguzi kwanza, kwa sababu dawa hizo mbili haziendi pamoja. Chandarua alale ndani yake hata kiangazi. Bukavu iko juu na ina baridi, watu wanaona mbu ni wa Uvira tu, lakini malaria inapanda na wasafiri, na ikijificha kwenye kondo la nyuma inampunguza mtoto uzito bila mama kusikia homa.

Na kama mimba itaangukia Oktoba na Novemba, wakati shamba limepandwa na maharagwe ya msimu A hayajavunwa, bei sokoni hupanda. Weka akiba ya maharagwe tangu Julai, wakati mavuno ya msimu B yanashusha bei, na mtafutie samaki wa sambaza mara kadhaa kwa juma. Hilo mama mkwe anaweza kulisimamia yeye mwenyewe.